Kusawazisha rangi ya ngozi bila kuigeuza plastiki

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu wote, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wetu tunaikalia kila Jumatatu baada ya harusi za wikiendi: kusawazisha rangi ya ngozi ya uso kwa kutenganisha masafa. Najua karibu kila mtu humu ndani ameshairekodi kwenye paneli ya Actions ya Photoshop, anabonyeza mara moja leya zinajipanga zenyewe. Kwa hiyo kupanga leya nitakugusia kwa haraka. Ninachotaka tukitazame kwa utulivu ni swali moja: kwa nini uso unatoka umekuwa wa plastiki hata pale ambapo vitundu vya ngozi vyote bado vinaonekana?

Tumezoea kusema plastiki inatokana na kufuta vitundu. Zamani ilikuwa hivyo kweli, tulipokuwa tunatia ukungu uso mzima kisha tunaurudisha kidogo kwa Opacity. Lakini njia hii ya kutenganisha masafa inavilinda vitundu kwa makusudi kabisa, na bado nyuso za plastiki zimejaa kwenye albamu zetu. Basi chanzo kiko mahali pengine, nami nasema kiko katikati. Ngozi ina mambo madogo sana, yaani vitundu na vinyweleo. Ina mambo makubwa, yaani umbo la shavu, la paji la uso na la taya. Na baina ya hayo kuna mambo ya ukubwa wa kati: vibonde vidogo, misuli inayoinuka chini ya ngozi, mng'ao unaokatikakatika juu ya shavu, kivuli kinachoanza taratibu pembeni ya pua. Haya ya kati ndiyo yanayoliambia jicho kwamba hapa kuna nyama na mfupa. Ukiyafuta ukabakiza vitundu tu juu ya rangi iliyolala bapa, uso unakuwa kama ukuta uliopakwa rangi ukanyunyiziwa mchanga: mchanga upo, lakini ukuta ni ukuta.

Tupitie leya zenyewe sasa, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Unanakili picha mara mbili. Nakala ya chini unaitia Gaussian Blur. Hiyo nitaiita leya ya rangi, kwa kuwa inabeba rangi na mwanga bila vitundu. Nakala ya juu unaifungulia Image > Apply Image, unachagua leya ya rangi kwenye kisanduku cha Layer, kisha unajaza namba. Kama faili ni ya biti 8 kwa kila chaneli, namba ni hizi:

```
Blending: Subtract
Scale: 2
Offset: 128
```

Kama faili ni ya biti 16, ni hizi:

```
Blending: Add
Invert: on
Scale: 2
Offset: 0
```

Ukimaliza, leya ya juu unaiweka Linear Light. Hiyo ndiyo leya ya vitundu.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kuijua. Leya ya vitundu inahifadhi tofauti kati ya picha halisi na ile yenye ukungu, ikagawanywa kwa mbili na kusogezwa hadi kijivu cha katikati ili ipate nafasi ya kwenda juu na kushuka chini. Linear Light inaichukua tofauti hiyo, inaizidisha kwa mbili, inairudisha juu ya leya ya rangi. Kilichotolewa kinarudi vilevile. Ndiyo maana, kabla hujagusa kitu, ukiziwasha na kuzizima leya zote mbili picha isibadilike kwa jicho hata chembe. Ikibadilika, hapo kuna namba uliyoikosea, nawe usiendelee mbele, kwa maana kila utakachofanya baadaye kitajengwa juu ya hilo kosa. Kule kugawanya kwa mbili ndiko kunakonifanya nisisitize biti 16: kwenye biti 8 unapoteza nusu ya ngazi za tofauti, na upotevu huo unaonekana kwenye mpito mpole wa paji la uso, hasa ngozi ikiwa nyeusi na mwanga ukiwa laini.

Sasa Radius. Kuna watu wanaotumia namba moja mwaka mzima, na action imewarahisishia hilo. Lakini vitundu vya uso havina ukubwa mmoja ndani ya faili. Vinategemea uso umechukua pikseli ngapi. Mimi huanza kwa kupima upana wa uso kwa Ruler Tool, nagawanya kwa 200, kisha narekebisha kwa jicho. Uso wenye upana wa pikseli 1600, kama picha ya kifua kwenda juu kutoka kamera ya megapikseli 24, unanipa Radius ya 8 hivi. Uso wa pikseli 350, bibi harusi akiwa amesimama mzima na gauni lake, unanipa 2 tu. Hiyo ni namba ya kuanzia. Jicho ndilo linaloamua, na linaamua kwa kutazama leya moja moja.

Itazame leya ya rangi peke yake. Ukiona bado vitundu, Radius ni ndogo, na ukija kulainisha leya hiyo utakuwa unalainisha vitundu vikubwa na yale mambo ya kati kwa pamoja. Halafu itazame leya ya vitundu peke yake, ukiwa umeirudisha Normal kwa muda. Inatakiwa iwe kijivu kilichojaa vitundu na vinyweleo. Ukiona ndani yake kivuli cha pua, wekundu wa midomo au mabaka ya shavuni, Radius ni kubwa mno. Hapo kuna mtego: mabaka unayotaka kuyasawazisha yamehamia kwenye leya ya vitundu. Unalainisha leya ya rangi, mabaka hayaondoki. Unalainisha zaidi, bado yapo. Mpaka unafika mahali uso umelala bapa kabisa na mabaka yangali pale yanakutazama. Ukijikuta unaongeza nguvu na matokeo hayaji, rudi ukaiangalie Radius.

Tuchukue picha iliyo kwenye skrini. Ni bibi harusi kwenye sherehe yake ya kuagwa, picha ya kifua kwenda juu, mwanga mmoja laini kutoka kushoto kwetu, ukumbini usiku. Upana wa uso ni pikseli 1600, Radius ni 8, faili imetoka RAW ikiwa biti 16. Mpambaji amemwekea faundesheni nyeupe kuliko shingo yake, tena imeelekea upinki. Paji la uso linang'aa kwa jasho. Kuzunguka mdomo kuna weusi kidogo uliochungulia chini ya poda. Shavu la kulia lina makovu mawili ya chunusi. Picha za namna hii tunazo sote, na mteja anaomba jambo moja: "Kaka, nisawazishie rangi."

Mkono wa mazoea unaenda moja kwa moja kwenye leya ya rangi, unachukua laso, unatia ukungu kila mahali. Naomba tuusimamishe mkono huo kwanza. Kila kasoro tuliyoitaja inaweza kuwa ya rangi, au ya mwanga, au ya vyote viwili, na dawa zake hazifanani. Namna ya kujua ni kuweka leya mbili za kutazamia juu kabisa ya faili. Ya kwanza ni Solid Color nyeusi iliyowekwa mode ya Color: ukiiwasha unaona mwanga peke yake, picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Ya pili ni Solid Color ya kijivu cha katikati iliyowekwa mode ya Luminosity: ukiiwasha mwanga wote unasawazishwa, unabaki na rangi tupu. Hii ya pili inashangaza ukiiona mara ya kwanza. Uso unapoteza umbo lote, linabaki pazia la rangi, na hapo kila baka la rangi linajitokeza lenyewe.

Tuziwashe kwa picha yetu. Kwenye leya ya rangi tupu, uso ni upinki uliofifia na shingo ni kahawia yenye joto. Mpaka unaonekana wazi chini ya taya. Kuzunguka mdomo hakuna tofauti kubwa ya rangi. Tukiwasha ile ya mwanga, mdomo unaonekana umezungukwa na weusi, paji la uso lina doa jeupe la mng'ao, na makovu mawili yapo. Shingo nayo ni nyeusi kuliko uso, lakini sehemu ya weusi huo ni kivuli cha taya, na hicho ni haki yake kuwepo. Kwa hiyo tumeshajua: shingo na uso ni tatizo la rangi zaidi, mdomo ni la mwanga zaidi, makovu ni ya mwanga pamoja na umbo dogo kwenye vitundu. Tungetia ukungu kila mahali tungekuwa tumetibu magonjwa matatu kwa kidonge kimoja kisichofaa hata mmoja wao.

Rangi ndiyo ninayoanza nayo kila mara, na hapa ndipo penye moyo wa mazungumzo yangu ya leo. Kati ya leya ya rangi na leya ya vitundu weka leya tupu, ifunge kwenye leya ya rangi kwa Create Clipping Mask, uiweke mode ya Color. Chukua brashi yenye Hardness ya 0 na Flow ya asilimia 3 hadi 5. Kwenye Eyedropper weka Sample Size ya 31 by 31 Average na Sample iwe Current & Below, ili unapobonyeza Alt kuchukua rangi upate wastani wa eneo, bila vitundu vya leya ya juu kukuingilia. Halafu unapaka taratibu.

Mode ya Color inabadilisha aina ya rangi na ukolezi wake, na inauacha mwanga wa chini jinsi ulivyo. Yale mambo ya kati niliyoyasema mwanzo, vibonde na misuli na vivuli vinavyoanza taratibu, karibu yote yamebebwa na mwanga. Kwa hiyo unaweza kupaka uso mzima, ukasogeza rangi mbali kabisa na ilipokuwa, na nyama isilale. Nimeona picha nyingi ambazo baada ya hatua hii peke yake mteja angeridhika. Jicho letu likiona rangi ni moja linasamehe tofauti nyingi za mwanga, kwa sababu limezoea kwamba uso una upande wa mwanga na upande wa kivuli.

Kuna tahadhari moja. Ukichukua rangi ya shavu lililopigwa mwanga ukaipaka kwenye kivuli cha taya, kivuli kinageuka rangi ya chungwa, kama kuna taa inawaka ndani ya ngozi. Color inaleta ukolezi uleule wa mahali penye mwanga na kuushindilia mahali penye giza. Rangi ya upande wenye mwanga ichukuliwe kwenye mwanga, ya mpito ichukuliwe kwenye mpito, ya kivuli ichukuliwe kwenye kivuli.

Halafu kuna swali la rangi ipi imfuate ipi, na hapa nina msimamo. Faundesheni imetoka kwenye chupa, shingo na kifua ni vyake mwenyewe. Nausogeza uso uelekee shingo. Kwenye paneli ya Info, shavu la upande wa mwanga lilikuwa karibu H 17, S 36, na shingo iliyopigwa mwanga uleule H 22, S 58. Nimechukua rangi hapo shingoni, nikapaka mashavu na paji la uso hadi shavu likafika karibu H 20, S 46. Shingo nayo nimeipunguza ukolezi kidogo sana, kwa kuipaka rangi ya shavu lililokwisha kubadilika. Sikutaka zilingane kabisa. Hakuna binadamu ambaye uso na shingo yake vina rangi ileile, na mpambaji alikusudia uso utokeze. Hilo la kutokeza limebaki, lakini ule mpaka chini ya taya umekwisha.

Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu kusawazisha rangi kwetu mara nyingi kumegeuka kuwa kung'arisha. Mtu anaanza na shavu jeupe la faundesheni, analifanya ndiyo kipimo, anapandisha shingo, anapandisha mikono, na dada wa watu anatoka mweupe kuliko mama yake aliyesimama naye kwenye picha ya pili. Ndugu wakiifungua albamu wanajiuliza huyu ni nani. Weka picha ya kabla pembeni, tazama namba ya B shingoni na kifuani. Kama imepanda kwa kiasi kinachoonekana, hujasawazisha chochote, umembadilisha mtu.

Sasa mwanga. Hapa nenda polepole. Kwa weusi unaozunguka mdomo sitii ukungu kwanza. Naweka Curves juu ya leya ya rangi, nayo imefungwa kwa Create Clipping Mask, naunyanyua mstari katikati kidogo, najaza mask nyeusi, kisha napaka kwa brashi nyeupe yenye Flow ya asilimia 2 au 3 pale tu penye giza. Kazi hii ni ya dakika, haina mkato. Faida yake ni kwamba mkunjo unaotoka puani kwenda pembeni mwa mdomo unabaki na kivuli chake, kwa kuwa nauruka kwa makusudi. Curves za kawaida zinaweza kubadilisha ukolezi kidogo, kwa hiyo ukiona rangi inabadilika, iweke mode ya Luminosity.

Laso ina mahali pake, kwenye mabaka madogo yaliyomo ndani ya eneo moja la mwanga. Makovu yetu mawili ya shavuni yanafaa. Nakaa kwenye leya ya rangi, nazungushia laso yenye Feather ya pikseli 20, nafungua Gaussian Blur ya 20 hivi, nakubali, kisha papo hapo nafungua Edit > Fade na kuirudisha hadi asilimia 50 au 60. Ile Fade ndiyo inayookoa mambo ya kati, kwa sababu inarudisha nusu ya kilichokuwepo. Wengi wanairuka kwa kuwa haimo kwenye action waliyoirekodi.

Sharti la laso ni moja, nalo halina msamaha: usivuke mpaka wa mwanga. Laso ikigusa mng'ao wa shavu upande mmoja na kivuli upande wa pili, ukungu unavichanganya, mng'ao unashuka na kivuli kinapanda, vyote vinakutana kwenye kijivu. Ndivyo ngozi nyeusi inavyokufa kwenye mikono yetu. Ngozi yenye weusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko ngozi nyeupe. Ule mstari unaong'aa juu ya mfupa wa shavu, ile nukta puani, ule mwanga juu ya mdomo, ndivyo vinavyouchonga uso. Ukivilainisha umeuchukua mchongo wote. Vilevile laso ikigusa nywele, nyusi, midomo au ukingo wa taya, rangi ya kule inamwagika kwenye ngozi, unapata kivuli cha uchafu pembeni mwa taya ambacho kwenye skrini hukioni ila kwenye karatasi kinajitangaza.

Vipi mng'ao wa jasho kwenye paji la uso? Nimeushusha, sikuuondoa. Katikati ya doa palikuwa peupe kabisa, hakuna rangi ya kuokoa. Hapo nimeweka leya tupu ya Normal iliyofungwa kwenye leya ya rangi, nikachukua rangi kwenye ukingo wa doa penye mwanga wa juu, nikapaka kwa Flow ndogo, nikaishusha Opacity mpaka mng'ao ukabaki unaonekana kama mng'ao wa ngozi yenye afya. Mahali palipoungua hapana vitundu pia, maana kamera haikuvirekodi. Ukipatia rangi bila kupatia vitundu unapata kiraka bapa. Kwa hiyo nikaenda leya ya vitundu, nikatumia Clone Stamp yenye Sample ya Current Layer, nikaleta vitundu kutoka pembeni mwa paji lilelile.

Nasema paji lilelile kwa sababu vitundu vya uso havifanani. Vya puani ni vikubwa na vimejitenga, vya shavuni vimeinama kufuata mashavu, paji la uso lina mistari myembamba ya kulala, na chini ya jicho ni laini kabisa. Tena kila kitundu kina upande wa mwanga na upande wa kivuli. Ukichukua vitundu vya shavu la kushoto ukavibandika kulia, mwanga wake unapingana na mwanga wa picha, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa ingawa hawezi kukitaja. Chukua karibu, chukua penye mwanga uleule, na usirudie chanzo kimoja mara nyingi.

Kipimo cha mwisho ni umbali. Tunafanya kazi tukiwa tumevuta picha hadi asilimia 200, na kwa umbali huo kila binadamu ana ngozi mbaya. Megapikseli 24 zina pikseli 6000 kwa upande mrefu. Ukichapa A3, upande wenye urefu wa milimita 420, doa la pikseli 10 linakuwa na milimita 0.7 tu. Unahangaika na kitu ambacho mtu akiishika picha mkononi atakiona kama kitundu cha kawaida. Kila baada ya muda rudi kwenye picha nzima iliyojaa skrini. Ukiwa hapo, washa ile leya ya mwanga peke yake na ujiulize: upande wa shavu bado unageuka? Taya bado ina unene? Kama kwenye nyeusi na nyeupe uso bado una mifupa, upo salama. Kama umekuwa yai, shusha Opacity za leya zako za mwanga. Za rangi unaweza kuziacha zilivyo. Ni nadra ziwe ndizo zenye hatia.

Kuna picha ambazo njia hii haizifai, ni vizuri kuzijua mapema. Picha ya simu iliyolainishwa na simu yenyewe haina vitundu vya kutenganisha; ukitenganisha unapata kelele na mistari ya kunolewa. Picha iliyobanwa kwa JPEG ikatumwatumwa kwenye makundi ina visanduku vya pikseli 8 kwa 8, navyo vinaingia leya ya vitundu na kuonekana kama vigae. Mwombe mteja faili ya asili, na kama haipo, fanya ile leya ya Color peke yake na uache mengine. Na taa za ukumbi zikiwa mchanganyiko, upande mmoja wa uso bluu na upande wa pili njano, au kitenge cha kijani kikirudisha rangi yake chini ya kidevu, hayo yapunguze kwenye RAW kabla hujafungua leya yoyote. Ukiyaleta hapa utapaka mpaka usiku.

Nimeulizwa kabla hatujaanza kuhusu picha za wazee, hasa bibi na babu wanaoletwa kupigwa picha ya ukutani. Mkunjo wa uso unakaa kwenye leya zote mbili: mstari wenyewe uko kwenye vitundu, na bonde la kivuli chake liko kwenye rangi. Ukiufuta mstari ukaacha kivuli, bibi anaonekana ana alama ya kupigwa. Ukilainisha kivuli ukaacha mstari, unaonekana kama umechorwa kwa kalamu juu ya ngozi ya mtoto. Ikibidi kuupunguza, punguza pande zote mbili kwa kiasi kimoja: nakili kila leya, safisha kwenye nakala, kisha Opacity za nakala zote mbili ziwe zilezile, 30 kwa 30 au 40 kwa 40. Kumbuka tu kwamba nakala ya leya ya vitundu ikiwekwa Linear Light juu ya ile ya asili itazidisha vitundu mara mbili, kwa hiyo nakala hiyo iweke Normal, uifunge kwenye leya ya vitundu kwa Create Clipping Mask, na mchanganyiko wake utabaki sahihi.

Faili ya bibi harusi nimeiweka kwenye kompyuta zilizo mbele yenu ikiwa na leya zote, kwa ruhusa yake. Anzeni kwa kuzizima zote isipokuwa ile ya Color, muone imefika wapi peke yake, kisha muwashe za mwanga moja baada ya nyingine.